Bei ya Mteja Mpya

"Umenikula, Jebet! Umenikula mchana kweupe!"

Sauti ilitoka kwenye simu kwa ukali hata mzee aliyekuwa akingoja fotokopi ya kitambulisho chake akageuka kutazama ukuta, kama mtu aliyekuta jirani akioga. Jebet alibana simu begani, akavuta karatasi iliyokwama kwenye mashine, akajibu bila kupunguza sauti.

"Nimekula nini? Nimekuambia kampuni imekata pesa. Imekata kwangu, kwa akaunti yangu, kwa sababu ya kompyuta yako. Nataka pesa yangu."

"Kampuni! Mwaka jana hiyo antivairasi ilikuwa elfu moja na mia tisa. Leo unaniambia elfu tano na mia nane. Kwani virusi imezaa mapacha?"

"Imepanda."

"Mkaa imepanda, nimeona. Unga imepanda, nimeona. Lakini kupanda mara tatu siku moja, hiyo nimeona kwako peke yako. Na mimi nilishaitoa! Mwezi wa nane nilikuambia, hii kitu inafanya kompyuta yangu inatembea kama ngamia mgonjwa, nimeitoa. Wewe ulisema nini? Ulisema, vizuri. Sasa unaniuzia kitu haiko!"

Jebet alikuwa na majibu ya kutosha ya kumpa. Angeweza kusema hata yeye haelewi. Angeweza kusema ngoja niulize. Lakini jua la Lodwar lilikuwa limeshika bati tangu asubuhi, vumbi lilikuwa limeingia kwenye mashine, akaunti yake ilikuwa imebaki na chenji ya kununulia sukari tu, na ulimi wake haujawahi kungoja ruhusa ya mtu. Akasema:

"Shida yenu watu wa kambi mmezoea vya bure."

Upande wa pili kilisikika kipaza sauti cha msikiti wa Kakuma kikikwaruza, na pikipiki ikipita.

"Sawa," Adhar akasema, na simu ikakatika.

Saa haikuisha, ujumbe ukaingia. Elfu tano mia nane na thelathini, zote, hadi shilingi ya mwisho, kutoka kwa Adhar. Ujumbe wa pili ulifuata, maneno matatu: Usinipigie simu tena.

Mzee wa kitambulisho alichukua fotokopi yake, akalipa, akaenda bila kuaga.

*

Jebet alifika Lodwar akiwa mke wa mtu. Mume wake, Kipngeno, alipewa kazi katika ofisi ya maji, naye akamfuata kutoka Bomet na mtoto mgongoni na sufuria mbili, akilia barabara nzima kwa sababu kila walivyoteremka miti ilizidi kupungua. Mwaka ule wa kwanza Kipngeno alimtunza kama yai. Alimletea maziwa ya ngamia kwenye kibuyu, alimwekea pazia lililoloweshwa maji dirishani ili upepo uingie ukiwa baridi, na alimfundisha kusalimia kwa Kiturkana: ejok, akimcheka akisema vibaya. Baadaye alihamishwa Kapenguria. Kwanza alikuja kila mwisho wa mwezi, kisha kila Krismasi, kisha ikawa habari zake zinaletwa na watu wengine, na habari zenyewe zilikuwa na mwanamke ndani yake. Mtoto naye, Kiprop, alikua, akaenda Nairobi, akawa mtu wa kutuma "niaje mathe" na picha ya kikombe cha chai.

Jebet angeweza kurudi Bomet. Alibaki kwa sababu ya duka. Alikuwa amelianza na taipureta ya mtumba, likawa saiba yenye kompyuta tatu, mashine ya fotokopi na feni moja inayogeuka upande mmoja tu. Wateja walimjua kwa maneno yake. Barua ya kuomba kazi aliichapa huku akimwambia mwenyewe kwamba sentensi ya pili ni uongo. Watu walicheka, walilipa, walikwenda. Jioni alifunga milango ya chuma, akasalimiana na Nakeno aliyeuza mikeka ya mkoma pale nje, akaenda nyumbani kusonga ugali wa mtu mmoja. Ugali wa mtu mmoja ni shida kuusonga. Unakaa pembeni mwa sufuria kama umefukuzwa.

Alichokuwa nacho ni Ijumaa. Adhar alikuwa na kibanda chake cha kupiga picha za pasipoti na kuchapisha makaratasi kule Kakuma, ndani ya kambi ya wakimbizi. Alifika Lodwar mara ya kwanza akiwa na cheti cha mwanawe Aguer kimeraruka, akiogopa kwamba hakitengenezeki. Jebet alimkalisha, akampa chai, akakibandika kile cheti vipande kwa vipande na kukifunika kwa plastiki, akakataa pesa. Tangu hapo Adhar aliagiza wino na karatasi kwake, na kila Ijumaa adhuhuri alipiga simu kutoa oda. Oda ilichukua dakika moja. Saa nzima iliyobaki walizungumza juu ya magoti, juu ya watoto wasiopiga simu, juu ya pasta fulani mwenye viatu vya kung'aa kupita Injili. Mama Aguer, Mama Kiprop. Hakuna aliyemwita mwenzake kwa jina.

Siku ile ya ugomvi aliitwa Jebet. Alilisikia jina lake na halikumfurahisha.

Ijumaa iliyofuata, adhuhuri, aliweka simu mezani kifudifudi. Kisha akaigeuza. Kisha akampigia mteja ambaye hakuwa na haja naye, ili kuhakikisha simu inafanya kazi. Ilikuwa inafanya kazi.

*

Wekesa alikuja Jumatatu kuchapisha ripoti, kwa sababu mashine ya ofisini kwao ilikuwa imekufa tena. Alikuwa mtu wa Bungoma, fundi wa kompyuta wa serikali ya kaunti, mwenye tumbo la raha na tabia ya kukaa juu ya meza za watu.

"Toka juu ya meza yangu," Jebet alimwambia. "Na kabla hujatoka, nieleze. Kitu cha elfu moja na mia tisa kinakuwaje elfu tano na mia nane?"

"Kikiwa mbuzi au kikiwa nini?"

"Antivairasi."

Wekesa alicheka hata meza ikalia. "Wamekushika! Ulilipia na kadi yako?"

"Yangu. Mwenye kompyuta yuko Kakuma, kambini. Kupata kadi ya benki kwake ni safari ndefu, kwa hiyo mimi nilimlipia mtandaoni, yeye akanirudishia. Zile flashi za wateja wake zina virusi kuliko mbwa ana kupe. Mwaka jana ilikuwa bei nzuri tu."

"Hiyo bei nzuri ndiyo ilikuwa ya kuazima, mama. Hii ya sasa ndiyo bei yake yenyewe." Wekesa aliteremka mezani, akavuta kiti. "Sikia. Kampuni zinazouza hizi vitu ni nyingi, zote zinakutafuta wewe. Kukupata ni kazi, kwa hiyo mwaka wa kwanza wanakupunguzia sana, hata wakikosa faida. Ni ofa ya mteja mpya. Ukishaingia na kadi yako wanayo, wewe si mpya tena. Mwaka wa pili unalipa bei kamili."

"Na kazi yao imekuwa kubwa mara tatu?"

"Wapi! Kazi ni ileile. Wanajua tu kwamba watu wengi wakishazoea kitu hawasumbuki kuhama. Wengine hata hawaoni pesa ikitoka."

"Wangeniambia."

"Walikuambia. Fungua ile risiti ya mwaka jana."

Jebet aliifungua. Bei ilikuwa imeandikwa kwa herufi za kujaza ukurasa, na chini yake, kijivu juu ya nyeupe, herufi za ukubwa wa sisimizi: bei ni ya mwaka wa kwanza; baada ya hapo mpango utajirefusha wenyewe kwa bei ya kawaida hadi utakapousimamisha. Bei ya kawaida nayo ilikuwa pale, kwa dola. Wekesa akamwambia atafute jina la kampuni kwenye barua pepe zake. Barua nyingine ilitokea, ya wiki chache kabla ya pesa kukatwa, ikimkumbusha kwa heshima zote. Ilikuwa imelala bila kufunguliwa katikati ya matangazo ya mikopo na salamu za maaskofu asiowajua.

"Lakini mwaka haujaisha hata," Jebet alisema. "Tulinunua mwisho wa mwezi wa kumi na moja. Hii ilikatwa mwezi wa kumi."

"Wengi wanakata mapema, mwezi mmoja kabla. Wanasema ni ili usibaki bila ulinzi."

"Na yeye aliitoa! Aliifuta kwenye kompyuta tangu mwezi wa nane. Aliniambia."

Wekesa alitikisa kichwa taratibu, na safari hii hakucheka. "Hapo ndipo nyote wawili mlikosea. Kufuta programu ni kama kutoa televisheni nyumbani na bado una mkataba wa dishi. Mpango haukai kwa kompyuta. Unakaa kwa akaunti, na akaunti ni yako, wewe uliyefungua na barua pepe yako na kadi yako. Yeye hapo Kakuma hata angechoma kompyuta moto, hangeweza kuusimamisha. Aliyeweza ni wewe peke yako."

Feni iligeuka upande wake mmoja, ikarudi.

"Alikuambia ameitoa," Wekesa akasema, "ukamjibu nini?"

"Nilimwambia vizuri," Jebet alisema.

*

Alifanya kila kitu alichoelekezwa, mlango wa duka ukiwa nusu wazi na wateja wakifukuzwa kwa mkono. Kwanza aliingia kwenye akaunti na kuzima pale pa kujirefusha. Pakamuuliza kama ana uhakika. Akabonyeza. Pakamuuliza tena, kwa rangi nyekundu, kama anajua hatari zinazomngoja. "Hatari nimeziona mimi," akaiambia kompyuta, akabonyeza.

Kisha akaingia kwenye chumba cha mazungumzo cha kampuni. Kwanza ilimjibu mashine, ikimpa majibu ya maswali ambayo hakuuliza. Aliandika neno la Kiingereza la kurudishiwa pesa mara tatu mfululizo, mpaka akaletewa mtu, au kitu kilichojiita Carol. Carol alikuwa mpole sana. Alisema wanasikitika kusikia anataka kuondoka. Alisema yeye ni mteja wanayemthamini. Alisema, kwa kuwa ni mteja wanayemthamini, wanaweza kumpa mwaka huu kwa nusu bei ikiwa atakubali kubaki.

Jebet aliondoa vidole kwenye kibodi.

Kumbe nusu ilikuwepo. Ilikuwa imewekwa kabatini siku zote, ya kumpa anayeshika mlango. Anayekaa kimya analipa zote. Anayesema naondoka anabembelezwa. Na tena akaona jambo jingine, lililomkera zaidi: hakuweza kukumbuka mara ya mwisho mtu alipomwandikia kwamba anasikitika kumpoteza. Kipngeno hakuandika. Mtu wa kwanza kumwomba abaki tangu aje jangwani humu alikuwa Carol, na Carol huenda hakuwa mtu.

Akakumbuka chai aliyompa Adhar siku ya cheti. Akajiuliza ni lini tena alimkalisha Mama Aguer na kumpa chai, akakosa jibu. Mteja mpya akiingia dukani alipewa kiti. Adhar, kwa vile alikuwa wake, alipewa ulimi.

"Sitaki nusu," akaandika, kwa Kiingereza chake cha darasa la nane ambacho hakikuwahi kumwonea mtu haya. "Programu ilifutwa mwezi wa nane. Rudisha pesa yote."

Carol aliangalia. Kampuni hiyo ilikuwa na kanuni kwamba malipo ya mwaka yaliyojirefusha yanaweza kurudishwa kama yameombwa kabla ya siku sitini kwisha, na siku zilikuwa bado. Pesa itarudi kwenye kadi baada ya siku kadhaa za kazi, na mpango utafungwa papo hapo. Kuna jambo lingine angependa kusaidiwa?

Jebet alitazama swali hilo muda mrefu kuliko lilivyostahili. Kisha akafunga.

*

Hakungoja benki. Alitoa pesa ya mchango wa kanisa, aliyokuwa ameahidi kwa ajili ya bati jipya, akasema Mungu atavumilia jua wiki moja, akapanda gari la asubuhi kwenda Kakuma. Safari nzima alitunga maneno akijisemea, Carol naye akiwemo. Alipofika alikuwa na hotuba nzuri, na yote ikamtoka kichwani alipoona kibanda.

Adhar alikuwa amesimama nyuma ya meza, mrefu, kitambaa cha buluu kichwani, akimpiga picha kijana mmoja mbele ya shuka jeupe. "Thuok, usicheke," alikuwa akimwambia. "Hii ni pasipoti, si harusi." Alimwona Jebet mlangoni. Uso wake haukubadilika hata kidogo.

"Karibu, mteja," akasema. "Fotokopi ama picha?"

Ilimchoma. Hata kuitwa Jebet kama siku ile kungekuwa afadhali.

"Nimekuja kukuona."

"Kuonana ni bure hapa. Tumezoea vya bure."

Kijana Thuok, ambaye hakujua lolote, alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, akasema angerudi baadaye kuchukua picha. Hakuna aliyemzuia.

Jebet aliweka bahasha mezani. "Pesa yako. Yote. Kampuni inarudisha, nimewaandikia."

Adhar hakuigusa. "Kwa hiyo haikupanda."

"Haikupanda. Ile ya mwaka jana ilikuwa imeshushwa, ya kumvuta mteja mpya. Ukishaingia wanakurudisha kwa bei kamili, na wanachukua wenyewe kwa kadi. Waliandika, kwa herufi ndogo, na barua walituma kwangu. Sikuisoma. Na wewe ulivyoifuta haikusaidia, kwa sababu ilikuwa inakaa kwa akaunti yangu. Uliponiambia umeitoa, mimi ndiye nilikuwa niende kuifunga. Nilikaa."

"Ulisema vizuri."

"Nilisema vizuri."

"Sasa kompyuta yangu inakaa bila dawa?"

"Wekesa, fundi wa kaunti, anasema Windows ina ulinzi wake wa bure, ulijiwasha ile siku ulifuta hii ingine. Unaupa kazi ya kukagua kila flashi kabla hujafungua kitu. Ukiacha ijisasishe, inakutosha."

"Ya bure," Adhar akasema.

"Mama Aguer..."

"Unazunguka. Pesa umeleta, virusi umeeleza. Kuna kitu kingine ulisema kwa simu. Sema."

Jebet, ambaye hajawahi kukosa neno mbele ya chifu, mbele ya pasta, mbele ya polisi wa barabarani, alitafuta la kuanzia. Nje upepo uliokota vumbi, ukalipitisha, ukaliweka mahali pengine.

"Nilisema watu wa kambi wamezoea vya bure."

"Eeh."

"Na wewe unalipa kodi ya hiki kibanda, unalipa umeme wa jenereta ya jirani, hujawahi kuchukua wino wangu bila kulipa. Nilijua hivyo nikisema. Nilisema kwa sababu nilikuwa nimeishiwa na nilitaka kuumia kwangu kuende kwa mtu. Na hapa karibu mtu ni wewe tu. Nisamehe."

Adhar alichukua bahasha. Alihesabu noti moja moja, polepole, kama mwenye siku nzima. Akamaliza. Akarudia kutoka mwanzo.

"Haijafika," akasema.

"Imefika! Elfu tano mia nane na thelathini!"

"Na ya kutuma? Nilipokutumia nilikatwa sabini na nane. Hiyo nani analipa, Carol wa mtandao?"

"Carol umemjulia wapi?"

"Wewe umemtaja hapo mlangoni ukijisemea. Unazungumza peke yako siku hizi, Mama Kiprop. Si vizuri."

Jebet alisikia lile jina, akainamisha kichwa ndani ya mkoba wake kana kwamba kuna kitu huko cha kumsaidia. Alipekua. Nauli ya kurudi, leso, kalamu iliyovuja. "Sina. Nina ya gari tu. Acha nikupe Ijumaa, nitakuongezea kwenye wino."

Adhar alivuta kiti kutoka chini ya meza, akakipangusa vumbi kwa ncha ya kitambaa chake, akakisukuma upande wa wateja. Akainama kwenye jiko, akamimina kahawa nyeusi yenye tangawizi kwenye kikombe kidogo.

"Hapana," akasema. "Nyinyi watu wa Lodwar nawajua sasa. Deni yangu nikiacha ikae, mwaka ujao itakuja mara tatu." Akaweka kikombe mbele yake. "Hiyo sabini na nane nimesamehe. Kaa chini, unywe."